Droo Haibalansi Jioni: Jinsi ya Kutenganisha Shoti na Ziada Kabla ya Kuziandika Kwenye Leja

Keshia akikuambia ana shoti ya shilingi 41,550, mara nyingi huwa hana shoti moja. Ana tatu au nne zilizolundikana, na kila moja ina chanzo chake. Nyingine zitatoweka mkihesabu upya, nyingine zitahamia kwenye akaunti ya simu, na kitakachobaki ndicho pekee kinachostahili kuingia kwenye Akaunti ya Upungufu na Ziada ya Fedha. Nasisitiza hilo mapema kwa sababu nimeona vitabu vingi ambamo akaunti hii imegeuzwa jalala: kila kisichojulikana kinatupwa humo, na mwisho wa mwezi hakuna awezaye kusema fedha zilikwenda wapi.

Mwongozo huu ninamwandikia mwenye duka au mtunza vitabu wa mini-supa ya kawaida hapa Tanzania: kaunta moja au mbili, mashine ya EFD, wateja wanaolipa taslimu na wanaolipa kwa Lipa Namba, na droo inayofungwa kila jioni.

Kabla ya yote, hakikisha tofauti ipo kweli

Fedha inayotarajiwa kwenye droo inapatikana hivi:

```
floti ya asubuhi + mauzo ya taslimu - fedha zilizopelekwa kasiki - malipo yenye vocha
```

Ukitoa kiasi hicho kutoka kwenye fedha iliyohesabiwa, jibu likiwa hasi ni shoti, likiwa chanya ni ziada. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kazi iko kwenye kuhakikisha kila kimojawapo cha vipande hivyo vinne ni cha kweli.

Keshia ahesabu fedha bila kujua kiasi kinachotarajiwa. Akishaona kwenye karatasi kwamba anatakiwa awe na 403,900, macho na vidole vyake vitaitafuta 403,900, na akiikaribia ataacha kuhesabu. Mpe fomu tupu yenye safu ya noti na sarafu: 10,000, 5,000, 2,000, 1,000, kisha 500, 200, 100 na 50. Aandike idadi ya vipande, siyo thamani, na wewe uzidishe. Mtu wa pili ahesabu tena, kisha wote wasaini. Baada ya hapo ndipo ripoti ya kufunga zamu inatolewa.

Makosa ya kuhesabu yenyewe yana alama zake. Sarafu za 200 zikihesabiwa kama za 100, kwa mfano, unapata upungufu ambao ni mara 100 ya idadi ya sarafu. Noti mbili mpya zilizoshikana zinaleta upungufu wa noti moja kamili. Kwa hiyo shoti ikiwa ni 5,000 au 10,000 kamili, anza na kupekua mafungu ya noti, tazama chini ya trei ya droo na nyuma ya droo pale noti inapoweza kuteleza. Ni dakika tano tu, na zinaokoa lawama nyingi.

Tofauti inayolingana na kiasi unachokijua

Tofauti ikilingana kabisa na floti, huna sababu ya kwenda mbali. Floti ya 50,000 isipojumlishwa kwenye fedha inayotarajiwa, utaona ziada ya 50,000. Ikitolewa mapema na kuwekwa pembeni kwa ajili ya kesho kabla droo haijahesabiwa, utaona shoti ya 50,000. Vivyo hivyo kwa fedha zilizopelekwa kasiki mchana: kama stakabadhi ya makabidhiano haikuandikwa, kiasi hicho kitajitokeza kizima kama shoti, na ukifungua kasiki utakikuta kimefungwa na raba. Ikiandikwa mara mbili, utaona ziada.

Chanzo kikubwa zaidi siku hizi ni malipo ya simu, na hapa nitakaa kidogo.

Mgawanyo wa mauzo kati ya taslimu na simu unategemea kitufe alichobonyeza keshia. Mteja anafika kaunta na bidhaa za 32,000, keshia anabonyeza taslimu kwa mazoea, kisha mteja anatoa simu na kulipa kwa Lipa Namba. Fedha imeingia, risiti imetoka, mteja ameondoka, na hakuna aliyeibiwa hata senti. Lakini jioni droo itakuwa na shoti ya 32,000, na akaunti ya simu itakuwa na ziada ya 32,000. Kosa likienda kinyume, yaani keshia akabonyeza simu huku mteja akilipa noti, droo itakuwa na ziada na simu itakuwa na upungufu.

Dawa yake ni kufunga droo na simu pamoja, usiku uleule. Toa taarifa ya miamala ya Lipa Namba ya siku, jumla yake uilinganishe na mauzo ya simu kwenye ripoti. Tofauti mbili zikiwa sawa na zinaelekea pande tofauti, umemaliza: tafuta muamala wenye kiasi hicho, linganisha saa yake na saa ya risiti, kisha urekebishe mgawanyo. Hii haigusi kabisa Akaunti ya Upungufu na Ziada. Ukiitupa humo utakuwa umesajili hasara ambayo haipo, na upande wa simu utabaki na fedha zisizo na maelezo.

Kuna hali tatu zinazofanana na hiyo, ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mteja aliyeonyesha ujumbe wa kughushi. Keshia alibonyeza simu, kwa hiyo droo itabalansi vizuri, na upungufu utaonekana upande wa simu peke yake. Ya pili ni mteja aliyelipa kwenye namba binafsi ya mwenye duka kwa sababu Lipa Namba ilikuwa haipatikani. Mwenye duka akikaa kimya, keshia wake anabeba shoti ambayo bosi anayo mfukoni, na hilo ni jambo la aibu linalotokea mara nyingi. Ya tatu ni duka linalofanya pia kazi ya uwakala kwa kutumia droo ileile. Mteja akitoa 100,000 kwa wakala, taslimu inapungua na floti ya simu inaongezeka. Isipoandikwa, unapata shoti kubwa inayotisha bure. Uwakala uwe na droo yake na daftari lake, hata kama anayehudumu ni mtu yuleyule.

Tofauti zinazosema noti gani ilikosewa

Zipo tofauti ambazo ukubwa wake unataja kosa. Keshia akipokea 5,000 na kurudisha chenji kana kwamba amepokea msimbazi, shoti ni 5,000. Akipokea 2,000 akaiona kama 10,000, ni 8,000. Akipokea 1,000 akairudishia chenji ya 5,000, ni 4,000, na ikiwa alipokea 2,000 akadhani ni 5,000, ni 3,000. Makosa haya yakienda kinyume, yaani mteja ndiye aliyepunjwa, kiasi kilekile kinajitokeza kama ziada.

Hapa uchunguzi una mpaka wake. Kiasi kinakuonyesha kinachowezekana, hakikuthibitishii. Shoti ya 4,000 inaweza kuwa noti iliyokosewa na inaweza kuwa nauli ya bodaboda iliyotolewa bila vocha. Muulize keshia kwanza kuhusu malipo yaliyotoka, kwa sababu hayo yanaweza kuthibitishwa: dereva yupo, muuza maji yupo, fundi yupo. Noti iliyokosewa haina shahidi, isipokuwa kama kuna kamera juu ya kaunta. Kinga yake iko kwenye mkono wa keshia: noti ya mteja ibaki juu ya droo, isiingie ndani, mpaka chenji imehesabiwa na mteja ameipokea.

Kanuni nyingine ya zamani inayofanya kazi ni ile ya 9. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi kwenye karatasi. Fedha iliyopelekwa kasiki ni 316,000 lakini imeandikwa 361,000. Tofauti ni 45,000, na 45,000 ukigawa kwa 9 unapata 5,000. Ile 5 inakwambia kwamba tarakimu mbili zilizopinduka zinapishana kwa 5, kama zinavyopishana 6 na 1. Sasa unajua cha kutafuta kwenye stakabadhi. Kuruka sifuri nako kunaangukia kanuni hiyohiyo: 34,500 iliyoandikwa 3,450 inaacha tofauti ya 31,050, ambayo ni 9 mara 3,450.

Lakini tofauti ya 9,000 ina wenyewe wawili: tarakimu zilizopinduka, au noti ya 1,000 iliyorudishiwa chenji ya 10,000. Wanatofautishwa kwa karatasi. Kama ni tarakimu, basi ukilinganisha kila stakabadhi na fedha halisi iliyoko kasiki, kosa litaonekana na fedha zote zipo. Kama karatasi zote ziko sawa na fedha bado haipo, imekwenda na mteja.

Mwisho, igawe tofauti kwa mbili. Ukikuta nusu yake inalingana na kiasi fulani cha siku hiyo, kuna kitu kiliandikwa upande usio wake. Mteja alirudisha unga wa 12,500 akapewa fedha zake, keshia akapiga mauzo badala ya marejesho: mashine inadhani umepokea 12,500, kumbe umetoa 12,500. Shoti inakuwa 25,000.

Tofauti ndogo ndogo za kila siku

Shoti ya 50, ziada ya 150, shoti ya 100. Zikipanda na kushuka, zikija pande zote mbili, hizo ni sarafu na haziepukiki. Sukari ni 3,450, mteja anatoa 4,000, sarafu ya 50 haipo. Keshia anarudisha 500 au anarudisha 600. Ziandike, usizichunguze.

Zikianza kuegemea upande mmoja, hali imebadilika. Ziada ndogo kila jioni maana yake wateja wanarudishiwa pungufu, siku baada ya siku, na hawatakulalamikia. Watahamia duka la jirani tu. Ukiona hivyo, uliza pia kuhusu pipi na viberiti. Keshia akikosa 100 anampa mteja pipi mbili badala ya chenji. Pipi hazikupigwa kwenye mashine. Basi droo ina ziada ya 100 na kopo la pipi lina upungufu. Ukihesabu stoki mwisho wa mwezi utasema pipi zinaibwa, ilhali fedha yake ilikwisha kuandikwa kama mapato mengine. Suluhisho ni kupanga sarafu za kutosha kwenye floti. Floti ya 50,000 yenye noti tano za 10,000 haina faida yoyote saa moja asubuhi.

Mfano mzima: ile shoti ya 41,550

Chukua kaunta moja ya mini-supa. Ripoti ya siku inaonyesha mauzo ya 1,286,400: taslimu 868,900 na simu 417,500. Floti ilikuwa 50,000. Mchana zilipelekwa kasiki 500,000 kwa stakabadhi, na kuna vocha moja ya 15,000 ya kununulia umeme. Fedha inayotarajiwa kwenye droo ni 50,000 + 868,900 - 500,000 - 15,000, yaani 403,900. Iliyohesabiwa ni 362,350. Shoti: 41,550.

Mtu wa pili anahesabu. Noti ziko sawa, lakini fungu moja la sarafu 25 limeandikwa kwenye safu ya 100 na lenyewe ni la 200. Zinaongezeka 2,500, na fedha halisi sasa ni 364,850. Shoti imeshuka hadi 39,050.

Taarifa ya Lipa Namba inatolewa. Jumla yake ni 449,500, wakati ripoti inasema 417,500. Ziada upande wa simu ni 32,000. Kuna muamala mmoja wa 32,000 wa saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, na kuna risiti ya 32,000 ya dakika hiyohiyo iliyopigwa kama taslimu. Mgawanyo unarekebishwa: taslimu 836,900, simu 449,500, jumla ya mauzo haijabadilika. Shoti imebaki 7,050.

Keshia anaulizwa kama kuna fedha yoyote iliyotoka bila karatasi. Anakumbuka 3,000 za bodaboda aliyeleta katoni za mafuta kutoka sokoni. Dereva anapigiwa simu, anakiri, vocha inaandikwa na kusainiwa kesho yake asubuhi. Imebaki 4,050.

Hiyo 4,050 inashawishi mtu aseme: noti ya 1,000 ilirudishiwa chenji ya 5,000, na ile 50 ni sarafu. Inawezekana kabisa. Hakuna uthibitisho, kwa hiyo haiandikwi hivyo. Inaandikwa kama upungufu usiojulikana, na dhana yako unaiweka kwenye safu ya maelezo kwa penseli kama unapenda. Angalia pia tulikotoka: kutoka 41,550 hadi 4,050. Mwenye duka ambaye angemkata keshia 41,550 usiku ule angekuwa amemdhulumu 37,500.

Kuiandika kwenye leja

Ingizo la siku hiyo linakuwa hivi:

```
Debiti   Fedha taslimu (kasiki na droo)        814,850
Debiti   Akaunti ya simu (Lipa Namba)          449,500
Debiti   Gharama: umeme na usafiri              18,000
Debiti   Upungufu na Ziada ya Fedha              4,050
Krediti  Mauzo                               1,286,400
```

Ile 814,850 ni fedha ya droo 364,850 ukitoa floti 50,000 ambayo ilikuwamo tangu asubuhi, ukijumlisha 500,000 za kasiki. Kama umesajiliwa VAT, upande wa krediti utaugawa kati ya mauzo na VAT kwa kufuata ripoti ya EFD, maana si kila bidhaa dukani inatozwa. Debiti zote zinabaki zilevile.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mauzo yanabaki 1,286,400. Wapo wanaopunguza mauzo hadi 1,282,350 ili vitabu vilingane na fedha iliyopo. Wakifanya hivyo, mauzo ya leja yanatofautiana na ya EFD, na shoti inazikwa ndani ya mauzo mahali ambapo hakuna atakayeiona tena. Bidhaa ziliuzwa kwa bei kamili. Kilichopotea kilipotea baadaye, na kina akaunti yake.

Siku ya ziada, akaunti hiyohiyo inakaa upande wa krediti. Taslimu iliyotarajiwa ni 700,000, iliyopatikana ni 701,500: debiti fedha taslimu 701,500, krediti mauzo 700,000, krediti Upungufu na Ziada 1,500. Mwisho wa kipindi, salio likiwa debiti linakwenda kwenye taarifa ya mapato kama gharama ndogo. Likiwa krediti linakwenda kama mapato mengine.

Salio hilo la mwisho linaficha mengi. Shoti za 60,000 na ziada za 58,000 zinakupa salio la 2,000, na utadhani mambo ni shwari. Kwa hiyo pembeni ya leja weka daftari lenye tarehe, kaunta, zamu, jina la keshia, shoti kwenye safu moja na ziada kwenye nyingine. Usiziondoleane. Kila keshia awe na droo yake na alama yake ya siri kwenye mfumo. Droo inayoguswa na watu watatu haiwezi kukuambia lolote kuhusu mmoja wao. Na kiwango unachojiwekea, tuseme 2,000 au 5,000 kulingana na mzunguko wa duka lako, kiwe cha kuanza uchunguzi. Kuandika kunaanzia shilingi 50.

Chanzo kikijulikana baadaye

Mteja anarudi kesho na risiti, anasema alitoa 10,000 akarudishiwa chenji ya 5,000. Unafungua daftari: zamu ile ina ziada ya 5,000 na sarafu chache. Mlipe bila kubishana, debiti Upungufu na Ziada 5,000, krediti fedha taslimu 5,000. Ziada ya jana haikuwa yako, na kama ungekuwa umeiruhusu ifidie shoti ya keshia mwingine, usingekuwa na namna ya kujua kama mteja huyu anasema kweli.

Ukigundua wiki ijayo kwamba shoti fulani ilikuwa malipo ya simu, igeuze: debiti akaunti ya simu, krediti Upungufu na Ziada. Ikithibitika ni wizi, iondoe pia, ipeleke kwenye hasara ya wizi au kwenye madai kwa mhusika. Noti bandia nayo ifanyie hivyo: haihesabiwi kama fedha, hairudishwi kwa mteja mwingine, inaandikwa peke yake na kupelekwa benki au polisi. Akaunti ya Upungufu na Ziada inabaki na yale madogo yasiyo na maelezo, kwa sababu yakichanganywa na makubwa yenye maelezo hayawezi kusomeka.

Kuhusu kumkata keshia

Hapa nina msimamo. Duka linalomlipisha keshia kila shoti usiku uleule halipunguzi shoti, linazificha. Keshia anaanza kuweka kibindo: siku ya ziada anatoa ziada hiyo pembeni, siku ya shoti anaijazia. Siku kibindo kikikauka, anawapunja wateja ili kukijaza. Akaunti yako itakuwa sifuri mwezi mzima, na utakuwa umepoteza chombo pekee kilichokuwa kikikuonyesha hali ya kaunta.

Sheria nayo haikuruhusu kukata utakavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, mwajiri awe amemweleza kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi deni lilivyokokotolewa, na mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kupinga. Makato hayazidi hasara halisi, na kwa jumla hayazidi robo ya ujira wake wa fedha. Ile shoti ya 4,050 isiyo na chanzo haifiki popote kwenye masharti hayo. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata upungufu uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Huko pia, kazi ya kuonyesha uzembe ni ya mwajiri.

Ziada kubwa, na droo isiyokosea

Watu huogopa shoti na kushangilia ziada. Mimi ziada ya 20,000 hunitia wasiwasi kuliko shoti ya 20,000. Maelezo yake ya kawaida ni mauzo yaliyopokelewa bila kupigwa kwenye mashine. Inaweza kuwa umeme ulikatika na keshia akasahau kuyaingiza baadaye, basi yaingizwe na risiti itolewe, kwa kuwa kodi ya mauzo hayo inadaiwa vilevile. Inaweza pia kuwa keshia anapokea fedha bila kupiga, anaiacha droo ihifadhi, na kuitoa kabla ya kufunga. Siku hiyo hakupata nafasi ya kuitoa. Tofauti yake na noti iliyokosewa ni kwamba ziada hii mara nyingi hailingani na 3,000, 4,000, 5,000, 8,000 wala 9,000. Inafanana na bei za bidhaa. Hesabu ghafla, saa tano asubuhi, siku isiyotarajiwa. Ziada ya katikati ya zamu ambayo jioni haipo inajieleza.

Akaunti ya Upungufu na Ziada pia ina upofu wake. Inalinganisha fedha na kile mashine inachokijua, kwa hiyo mauzo yasiyopigwa na fedha yake kutolewa yote haiyaoni hata kidogo. Vivyo hivyo kwa risiti iliyofutwa baada ya mteja kuondoka: mashine inapunguza mauzo, keshia anatoa kiasi hicho, droo inabalansi. Ndiyo maana keshia ambaye wiki nzima hana hata shoti ya 50, katika duka lenye uhaba wa sarafu, anahitaji kutazamwa kwa njia nyingine. Chapisha orodha ya miamala iliyofutwa na marejesho kwa jina la kila keshia, ona nani anafuta zaidi na saa ngapi. Kisha chagua bidhaa tano zinazotoka haraka, kama mafuta ya lita moja au vocha za kukwangua, zihesabu asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na ulinganishe zilizopungua na zilizopigwa kwenye mashine.